Kaandika "dada" kumbe anamaanisha baba: jinsi ya kusoma mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza kabla hujajaza fomu ya upimaji

Kila muhula ukikaribia kuisha walimu wapya wa darasa la kwanza na la pili huku Tanga wanauliza maswali yaleyale. Mtoto kageuza herufi, nimpe alama au nimkate? Kaandika neno ambalo halipo, nihesabu kosa moja au matatu? Na lile kubwa zaidi, sielewi kabisa alichoandika, nijaze nini kwenye fomu ya KKK? Nimejibu mmojammoja mpaka nimechoka kurudia, kwahiyo naandika yote hapa, hatua kwa hatua, na karatasi ya mtoto mmoja tutaifungua pamoja tangu mwanzo hadi ripoti.

Kitu kimoja tu cha kushika kabla hatujaanza. Mtoto anayeanza kuandika anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, anasikiliza sauti za neno halafu anatafuta umbo la herufi ya kila sauti, na makosa ya kazi ya kwanza si sawa na makosa ya kazi ya pili. Ukiyachanganya kwenye hesabu moja unapata namba ambayo haikuambii ukafundishe nini Jumatatu. Basi, nadharia imeisha.

Andaa hivi kwanza

Karatasi yenye mistari, penseli iliyochongwa, na picha moja ambayo mtoto ana la kusema juu yake (mimi napenda picha ya mtu na ngalawa, au mama jikoni, manake watoto wa huku hawakosi la kusema hapo). Raba usimpe. Mwambie akikosea apige mstari mmoja aendelee, sababu kile alichokifuta ndicho mara nyingi kinakuonyesha alikuwa anafikiria nini. Wewe uwe na daftari lako pembeni na peni ya rangi tofauti, na uandike juu kabisa tarehe, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, na kama aliandika mwenyewe au alinakili.

Hilo la kunakili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Maandishi aliyonakili ubaoni hayafai kabisa kwa kazi hii, hata yawe mazuri namna gani, yanakupima macho na mkono, hayakwambii anasikia nini. Futa ubao kabla hamjaanza, na yale mabango ya silabi ukutani yafunike au mgeuze mtoto aketi akiyapa mgongo.

Andaa pia imla ya maneno manane. Mimi natumia haya: bata, dudu, mbuzi, panga, mtoto, mwalimu, chura, nyoka. Sikuyachagua kwa uzuri, kila neno linapima kitu chake. Bata na dudu zinakuonyesha b na d zikiwa peke yake. Mbuzi na panga zina sauti ya puani iliyojibana mbele ya konsonanti. Mtoto ina m inayosimama yenyewe kama silabi. Mwalimu ina mwa, chura na nyoka zina herufi mbili kwa sauti moja. Ukitaka kubadilisha maneno badilisha, ila kila tatizo libaki na neno lake.

Hatua

1. Muache aandike, wewe tazama mkono.

Kwanza picha, aandike anachotaka kuhusu hiyo picha, halafu ndo imla. Usianze na imla, mtoto akishajua kuna maneno ya kupatia na kukosa anakuwa muoga na kwenye picha atakuandikia maneno matatu tu anayoyajua, mama, baba, kaka, basi.

Wakati anaandika usiangalie karatasi, angalia penseli inaanzia wapi. Herufi b tunaifundisha ianze na mstari wa kusimama halafu tumbo, d inaanza na tumbo halafu mstari. Zikishakuwa kwenye karatasi zinafanana, lakini mkono ukiwa unatembea unaona kabisa mtoto alikuwa anaandika ipi. Weka alama ndogo kwenye daftari lako, mimi naandika tu "fimbo kwanza" au "tumbo kwanza" pembeni ya neno. Baadaye utanishukuru kwa hii, manake ukishachelewa huwezi kuipata tena.

Kwenye imla tamka neno kama unavyoongea nyumbani, mara mbili, basi. Kosa kubwa la walimu ni kuvuta, "mmmm-buuu-zi", hapo umeshamwambia mtoto m ipo na umepima masikio yako.

2. Akusomee palepale.

Akimaliza tu mwambie "haya mwanangu, nisomee ulichoandika, weka kidole." Usisubiri hata mpaka mapumziko. Mtoto wa umri huu kesho akiiona karatasi yake anaweza akabuni hadithi nyingine kabisa. Andika anachosema neno kwa neno kwenye daftari lako, sio juu ya karatasi yake, na peni nyekundu isisogee hapo.

Angalia na kidole. Kama kidole kinatembea sawasawa na maneno, yaani anasema "anapika" kidole kiko kwenye anapika, huyo anajua maandishi yake yanabeba nini. Kama kidole kinateleza tu mpaka mwisho wa mstari halafu mdomo bado unaendelea, andika hivyohivyo.

3. Nakili kama ilivyo, chini yake weka alichokusudia, kata silabi.

Hapa sasa tuchukue karatasi yenyewe. Ni ya binti wa darasa la kwanza, ana miaka 7 na miezi michache, kwao wanavua. Picha ilikuwa ya mtu na ngalawa. Aliandika hivi:

*dada yagu anakueda dahalini amepata gisi na jagu mama anapikawali*

Alivyosoma, alichokusudia ni: Baba yangu anakwenda baharini, amepata ngisi na changu, mama anapika wali. Changu hapo ni yule samaki.

Ukihesabu kwa mtindo wa zamani, neno liko sawa au haliko sawa, maneno ni 11 na aliyopatia na kuyaachia nafasi yake ni matatu tu, amepata, na, mama. Tatu kwa kumi na moja, mtoto dhaifu, umemaliza. Sasa kata silabi za alichokusudia: ba-ba, ya-ngu, a-na-kwe-nda, ba-ha-ri-ni, a-me-pa-ta, ngi-si, na, cha-ngu, ma-ma, a-na-pi-ka, wa-li. Ni silabi 29. Pitia moja moja uone ngapi zina kitu kwenye karatasi. Zote. Hakuna silabi hata moja aliyoiruka, na irabu ya kila silabi ni sahihi, zote 29. Huyu mtoto anasikia neno lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, ile tatu kwa kumi na moja haijamsema kabisa.

4. Fungua neno lenye utata kwa neno lisilo na utata.

Tatizo la b na d kwenye Kiswahili ni baya kuliko watu wanavyodhani kwa sababu ukigeuza unapata neno jingine la kweli. Baba inakuwa dada, dudu inakuwa bubu. Kwahiyo "dada" peke yake hapo mwanzo haikwambii chochote, inawezekana kweli alitaka kuandika dada. Hata alivyoisoma "baba" usimalize, watoto wengine wanasahau wanabuni.

Tafuta kwenye karatasi hiyohiyo neno lenye umbo lilelile lakini halina namna nyingine ya kusomeka. Hapa lipo, "dahalini". Hakuna neno kama hilo, ila ukiweka b unapata bahalini, na picha ni ya bahari. Kwahiyo umbo la d hapo ni b. Sasa rudi mwanzo, "dada" inakuwa baba bila wasiwasi.

Halafu tazama "anakueda". Pale d ni d ya kweli, ya kwenda. Maana yake kwenye karatasi ana umbo moja kwa sauti mbili. Hapa ndipo daftari lako la hatua ya kwanza linafanya kazi: kwenye dahalini mkono ulianza na fimbo, halafu tumbo likaenda upande wa kushoto, kwenye anakueda mkono ulianza na tumbo. Kichwani kwake b na d ni vitu viwili, anazitofautisha na mkono wake unazitofautisha, kilichokosewa ni upande wa tumbo tu. Imla ikasema hivyohivyo, bata akaandika "data", fimbo kwanza, na dudu akaandika dudu, tumbo kwanza.

Ingekuwa herufi zote anaanza na tumbo, au leo hivi kesho vile bila mpangilio, basi bado hajaamua ipi ni ipi, na hilo ni somo tofauti.

5. Gawa makosa kwenye mafungu matatu.

Mimi natumia herufi tatu pembeni ya silabi: U kwa umbo, S kwa sauti, N kwa nafasi kati ya maneno. Kwa huyu binti silabi zenye kasoro ni 10 katika 29. Tatu ni U, ba mbili za baba na ba ya baharini. Saba ni S: ngu ya yangu, kwe, nda, ri, ngi, cha, na ngu ya changu. Halafu kuna N moja, anapikawali.

Zile U tatu ziondoe kwenye hesabu ya tahajia, ziandike kwenye sehemu ya uundaji wa herufi. Hivyo tahajia yake ni silabi 22 kati ya 29, na sasa una saba za kuzifikiria.

Onyo hapa: usiweke N kama kosa la sauti. Watoto wa Kiswahili wanaunganisha maneno na pia wanakata neno moja vipande, "ana pika", "ni na penda", na sio ajabu, wanasikia ni, na, penda kila kimoja kinafanya kazi yake. Kukata hivyo kunaonyesha anazisikia sehemu za kitenzi. Ni kosa la kurekebisha ila lisishushe alama ya sauti.

6. Tafuta kosa linalojirudia.

Kosa moja peke yake halina maana, mkono unateleza. Ukiona mara mbili au tatu katika maneno tofauti hapo una kitu.

Chukua zile saba. Ngu, nda, ngi, ngu, zote nne zimepoteza n iliyo mbele ya konsonanti. Imla ikaongeza: mbuzi akaandika "duzi" (hiyo d ni b tena, fimbo kwanza), panga akaandika "paga". Sita kwa sita, hakukosa kuikosa hata mara moja. Hii ndo kasoro inayoonekana sana kwa watoto wanaoanza kuandika Kiswahili na sababu yake iko mdomoni, ile n haisimami yenyewe, imejibana na g inayofuata kiasi kwamba mtoto akiivunja silabi anaisikia kama kitu kimoja, na herufi anayoijua iliyo karibu ni g.

Sasa linganisha na neno mtoto. Kwenye imla aliandika "mutoto". Walimu wengi wanaona hilo ni kosa baya zaidi, kaongeza herufi, mimi naliona ni kosa zuri. M ya mtoto ni silabi kamili, anaisikia, na kwa kuwa kila silabi aliyofundishwa ina irabu akaiwekea u. Yaani m ya mtoto anaisikia na m ya mbuzi haisikii. Ukishaliona hili hutaandika tena kwenye ripoti "hajui herufi m".

Mwalimu akaandika "mualimu" na kwenda ni "kueda", tena kitu kilekile, w haisikii kama konsonanti anasikia u, na ukijitamkia polepole utamuelewa.

Chura akaandika "jula" na changu "jagu", mara mbili kwa mbili ch imekuwa j. Nyoka akaandika "noka". Hapo nikasita, je hasikii tofauti ya ch na j, au hana herufi ya kuiandikia? Jibu liko hatua inayofuata.

7. Mwambie aseme.

Mwonyeshe picha, usimtamkie wewe. Huyu binti nilimwonyesha picha ya chura.

"Huyu nani?"

"Chula."

"Na hii, mama anakunywa nini?"

"Chai."

Ch imetoka safi mara mbili, kwahiyo sikio na mdomo viko sawa, ila ch inaandikwa kwa herufi mbili na yeye bado anaamini sauti moja herufi moja, akachukua herufi moja iliyo jirani yake. Nyoka ni hivyohivyo, ny ikawa n. Hili ni somo la kufundisha herufi ch na ny, sio somo la kusikia.

Ila r kaitamka l. Baharini nayo akasema bahalini. Anaandika anavyosema, na wengi nyumbani wanasema hivyo. Kwenye fomu hilo naliacha ndani ya zile saba, ila naandika pembeni kwamba ni la matamshi, tahajia yake ni mwaminifu kwa sikio lake.

Huku kwetu mtoto anaweza kuwa anatoka nyumba ya Kidigo, Kisambaa, Kibondei au Kizigua, na wewe mwenyewe labda umepangiwa kazi Tanga unatoka Mara. Kabla hujamwandikia mtoto kosa la sauti muulize mwalimu mwenzako anayeijua lugha ya pale kama hiyo sauti ipo. Vilevile dh, th, gh na kh, watoto kibao wanaandika "zahabu" na "selasini" sababu ndivyo wanavyosikia mtaani. Ukitaka mtoto aandike dhahabu mfundishe kuitamka kwanza.

8. Andika ripoti fupi inayosema kitu.

Hii ndo niliyoiandika ya yule binti, unaweza ukaifuata mpangilio wake:

*Ameandika sentensi tatu mwenyewe kwa picha, akazisoma akifuata kwa kidole. Amewakilisha silabi zote 29, irabu zote sahihi. Tahajia: silabi 22 kati ya 29. Haandiki n wala m iliyo mbele ya konsonanti (mara 6 kati ya 6). Haandiki bado ch na ny, ingawa ch anaitamka vizuri. W baada ya konsonanti anaandika u. R na l hazitofautishi katika kuongea. Umbo: b anageuza upande wa tumbo, mwendo wa mkono ni sahihi. Nafasi kati ya maneno: amekosa mara moja. Kinachofuata: ng, nd, mb.*

Ona haijasema "anajitahidi" wala "mwandiko mbaya". Atakayempokea darasa la pili akiisoma anajua aanzie wapi. Kama fomu yenu ina kisanduku kimoja tu cha namba, weka namba wanayotaka kwa utaratibu wao, halafu hii ibandike nyuma.

Mimi kwa huyu nilianza na sauti za puani peke yake, ch nikaiacha isubiri. Mbinu ni rahisi, mtoto ashike pua aseme "ga", halafu aseme "nga". Ya pili inakwama puani na anaisikia kwenye vidole, wanacheka sana lakini wanaipata. Baada ya hapo jozi za maneno, taga na Tanga, goma na ngoma, kobe na kombe, anasema, anashika pua, ndo anaandika. Ukija kumpima tena tumia maneno mapya yenye sauti hizohizo, kwa sababu mbuzi na panga ameshazikariri.

Ukikwama

*Hasomeki na yeye mwenyewe hawezi kusoma alichoandika.* Angalia kama herufi zote zinatoka kwenye jina lake, watoto wengi wanaanza hivyo, wanazipanga upya tu. Hapo usihesabu silabi, hakuna cha kuhesabu. Mpe maneno mawili matatu mafupi ya imla na mwombe apige makofi kwa kila silabi ya ki-ta-bu. Akipiga matatu, sikio liko tayari, herufi ndo bado.

*Kaandika irabu tupu au konsonanti tupu.* "aai" kwa samaki, "iau" kwa kitabu, au "ktb". Hesabu herufi dhidi ya silabi. Zikilingana, mtoto anaandika herufi moja kwa kila silabi na hilo ni hatua kubwa, liandike hivyo. Kuna wanaoandika "pt" wakimaanisha pete, uliza nyumbani wanamfundisha vipi. Shuleni, tangu mtaala wa KKK wa 2015, herufi inafundishwa kwa sauti yake, ila nyumbani bibi anafundisha a, be, che, de, na kwa mtoto huyo p ni "pe" na t ni "te", neno limekamilika.

*Kuna herufi kama q au kama 9.* Kiswahili hakina q, kwahiyo kama iko katikati ya neno hiyo inaweza kuwa p iliyogeuka au g ambayo mkia wake haukupinda, jaribu zote mbili uone ipi inaleta neno. Umbo la n na u, m na w, zinapinduka chini juu, hizo zifungue kwa hatua ya nne.

*S, z, j na namba 3 na 7 zimegeuka.* Herufi nyingi zinaangalia kulia, mtoto anaizoea hiyo kanuni halafu zile chache zinazoangalia kushoto anazigeuza nazo. Na kabla ya shule dunia yote ilimwambia kugeuka hakubadilishi kitu, kikombe ni kikombe mkono ukiwa huku au huku. Mpaka mwisho wa darasa la pili, akiwa na miaka 7 au 8, hii iandike kwenye umbo na usiitangaze. Kugeuza herufi peke yake sio ushahidi wa tatizo la kusoma, na tafadhali usimwambie mzazi neno la kitaalamu ulilolisikia semina moja.

*Ameanza kulia akaja kushoto.* Isome karatasi kwa nyuma, iweke dirishani kwenye mwanga, mara nyingi mstari mzima unasomeka vizuri. Watoto wetu wengi jioni wako madrasa na kule wanaanzia kulia, lakini wengi wanatenganisha vizuri tu, usikimbilie kulaumu madrasa. Weka nukta ya rangi upande wa kushoto wa mstari, mwambie aanzie kwenye nukta, umpe neno lilelile. Akiandika sawa ilikuwa ni mahali pa kuanzia tu. Mtumia mkono wa kushoto pia anaweza kufanya hivi, mweke upande wa kushoto wa dawati asigongane na mwenzake.

*Dawati zima lina kosa lilelile.* Wamenakiliana. Pima tena mmojammoja.

*Darasa lina watoto tisini.* Huwezi kumfanyia kila mmoja yote haya na usijaribu. Imla ya maneno manane fanya na darasa zima, kwa safu, halafu chagua wale ambao karatasi zao huzielewi, hao ndo uwaite watano kwa siku na picha wakati wenzao wanachora au wanafanya hesabu.

*Ni lini niwe na wasiwasi kweli?* Mtoto akiwa mwishoni mwa darasa la pili herufi zake bado hazina uhusiano na sauti, hawezi kupiga makofi ya silabi, au alikuwa anaandika vizuri halafu akarudi nyuma. Pia yule anayechanganya f na s, p na t hata akirudia kutamka nyuma yako bila kukuona mdomo, huyo masikio yapimwe kabla ya kitu kingine, hasa kama sikio linatoka usaha au mafua hayamuachi. Na anayeandika sawa kwenye imla ila akinakili ubaoni anakosea, huenda ni macho, yapimwe. Ongea na mzazi, aanze kituo cha afya, wakiandika rufaa aende hospitali ya Bombo, na ampelekee daktari fotokopi ya karatasi mbili, ya picha na ya imla, zenye tarehe na yale maneno uliyoandika pembeni.